Jicho la mwanangu limevimba baada ya mafua, kwanini wanataka kumlaza?

Shikamoo Sista. Mi naishi Uyole, nauza viazi na karoti sokoni. Mwanangu wa pili ana miaka 6, mafua yamemshika wiki mbili sasa, makamasi mazito ya njano na kikohozi usiku, nikajua ni hii baridi ya Julai tu. Juzi kaamka jicho la kushoto limevimba, bibi yake akasema mdudu kamtambaa au ni chokea, tukanunua dawa ya matone. Jana likafunga kabisa, kope jekundu kama nyanya na homa juu, tukaenda hospitali. Daktari akasema alazwe, eti mafua yameingia kwenye tundu la jicho. Wakamchoma sindano moja ya mshipa, ila mi niliomba turudi kwanza nijipange maana mdogo wake bado ananyonya na baba yao yuko safari Tunduma, wakanipa karatasi nikasaini. Leo homa imeshuka, kanywa uji. Je siwezi kumpeleka zahanati ya hapa jirani akachomwa sindano kila siku afu akalala nyumbani? Na ni kweli mafua yanaweza kuharibu jicho? Mama mkwe anaogopa wakimlaza watamtoa jicho.

Mama wa Uyole

*

Marahaba mama. Nimekupigia mara mbili simu haipatikani, ndo maana najibu hapahapa na najibu haraka. Mrudishe mtoto hospitali leo hii, tena sasa hivi, usisubiri baba yao afike kutoka Tunduma wala usisubiri kesho asubuhi. Yanayofuata hapa chini utasoma ukiwa kwenye daladala au ukishafika wodini, ila kwanza nenda.

Haya, tuanze na lile la pili uliloniuliza, kama mafua yanafika kwenye jicho, kwa sababu ukilielewa hilo, lile la sindano utalijibu mwenyewe. Ndani ya mifupa ya uso kuna vyumba vya hewa, vingine viko kwenye mashavu, vingine katikati ya pua na macho. Hivi vya katikati mtoto anazaliwa navyo, ni vidogovidogo vingi vimekaa kama sega la nyuki, na vyote vinatoa uchafu wao kupitia puani. Mtoto akipata mafua njia zile zinavimba zinaziba, kamasi linabaki ndani, bakteria wanazaliana, linakuwa usaha. Hapo ndo tunasema kapata sainasaitisi. Mafua ya kawaida yanaanza kupoa ndani ya siku 10, sasa yakipita hapo bila kupungua, au yalipoa afu ghafla yakarudi na homa na makamasi mazito, ujue vile vyumba vimeingiliwa.

Sasa ukuta unaotenganisha vile vyumba na jicho ni mfupa mwembamba mno, hata jina lake la kitabibu limetokana na neno karatasi. Nilipokuwa mwanafunzi mwalimu wetu alishika fuvu la kufundishia akalielekeza dirishani, mwanga ukapita kwenye ule mfupa kama unavyopita kwenye ganda la kitunguu. Huo ndo ukuta wenyewe. Una vitundu vya kupitisha mishipa, na ile mishipa ya damu ya pale haina vali za kuzuia damu isirudi nyuma, kwahiyo maambukizi hayahitaji hata kutoboa, yanapita tu. Ndo maana mtoto kama wako anaanza na mafua anaishia na jicho, na mara nyingi jicho lenyewe halina hata tongotongo, kwa sababu ugonjwa haujaingilia mbele, umeingilia kwa nyuma kupitia pua. Hapo unaona kwanini yale matone hayakusaidia kitu, unaweka dawa mlangoni wakati moto uko chumba cha nyuma. Usiendelee nayo, hasa kama kwenye chupa kuna dawa yenye steroidi ndani yake, hizo zinazouzwa ovyo, na tafadhali mama mkwe asije akakamulia majani humo ndani ya jicho.

Kuna kitu kimoja nataka ukishike vizuri. Ndani ya kope kuna utando unaotenganisha ngozi ya nje na tundu lenyewe la jicho. Maambukizi yakiwa mbele ya huo utando, kope linavimba linakuwa jekundu hata linafunga, inatisha kuangalia, ila ukilifungua jicho lenyewe ni zima, linazunguka pande zote bila maumivu na mtoto anaona vizuri. Yakiwa nyuma ya utando ndo tunaita obito selulaitisi, na hiyo ni dharura. Tundu la jicho limezungukwa na mfupa pande zote, ni kama bakuli, limeachwa wazi mbele tu. Ndani ya bakuli hilo kuna jicho, misuli yake, mishipa ya damu na ule mshipa wa fahamu unaopeleka picha kwenye ubongo. Uvimbe ukiingia humo hauna pa kutanukia, unalisukuma jicho litoke nje na unaubana ule mshipa. Mshipa ukibanwa muda mrefu hauponi tena, na tunapoongelea muda mrefu hapa tunahesabu kwa saa, hatuhesabu kwa wiki.

Shida ni kwamba kwa nje zote mbili zinafanana! Kope jekundu ni kope jekundu. Kwahiyo anayejua anaacha kope analiangalia jicho. Tunaosha mikono, tunafungua kope taratibu kwa vidole viwili tukiegemea kwenye mfupa bila kubonyeza jicho, afu tunamwambia mtoto atulize kichwa afuate kwa macho tu kitu kama kizibo cha soda, kulia, kushoto, juu, chini. Tunaangalia kama macho mawili yanakwenda pamoja au moja linakwama njiani, na tunaangalia sura yake, maana mtoto hatakwambia "naumia nikigeuza jicho", atakunja uso au atageuza kichwa kizima badala ya jicho. Tunamketisha tunasimama nyuma yake tunamwinamisha kichwa nyuma kidogo tunachungulia kutokea juu ya paji, jicho lililosukumwa linaonekana limetokeza kuliko mwenzake. Tunaangalia ule weupe kama umevimba umejaa maji. Tunamziba lile jicho lisiloumwa tunamuuliza anaona vidole vingapi, anaona kimoja au viwili viwili, na kizibo chekundu anakiona chekundu vilevile au kimepauka, kwa sababu rangi nyekundu inaweza kupauka mapema kabla hata hajaanza kulalamika haoni. Mwisho tochi, tukitazama ile duara nyeusi ya katikati inavyojikunja kwa mwanga jicho moja moja.

Nimekueleza yote haya ili ujue wanachokifanya, sio ili ufanye jikoni afu uamue kubaki. Na zingatia hili, jicho lililovimba mpaka halifunguki, kama ulivyosema la mwanao jana, maana yake hakuna aliyeona ndani kuna nini. Hiyo peke yake kwa mtoto mwenye homa ni sababu ya kumlaza. Mdudu akimtambaa mtoto kunawasha, hakuna homa ya hivyo, na chokea ni kijipu kimoja kwenye ukingo wa kope unakionyesha kwa kidole, hakifungi jicho zima baada ya wiki mbili za makamasi.

Sasa twende kwenye sindano za zahanati. Ngoja nikusimulie kesi moja maana hii ndo inanifanya niandike kwa presha hivi.

Miaka kadhaa nyuma tulipokea kijana wa miaka 7 kutoka vijiji vya upande wa Rungwe, mwezi kama huu. Alikuwa na mafua siku 9 hivi, Ijumaa jicho la kulia likavimba. Sehemu waliyompeleka kwanza walimchoma seftriaksoni, sindano ya kuua bakteria, wakamruhusu, wakamwambia mama achomwe nyingine jirani na kwake. Jumamosi akachomwa, na kweli akaonekana nafuu, homa ilishuka, akacheza kidogo. Jumapili aliyekuwa anachoma hakuwepo, wakasema si mbaya, ataendelea Jumatatu. Usiku wa Jumapili akalia kichwa, wakampa panado akalala. Jumatatu saa 3 asubuhi ndo wanafika kwetu, nikalifungua lile kope kwa vidole vyangu mwenyewe. Jicho lilikuwa limetokeza na limesukumwa upande wa nje, kuelekea sikioni. Nikamwambia afuate kalamu, huku nje linaenda, kuja upande wa pua linafika katikati linagoma. Joto 39.2. Nikamziba lile jicho lisiloumwa nikamnyooshea vidole, akavihesabu nilipomsogelea kama mita moja tu. Nikamwonyesha kizibo chekundu akasema ni rangi ya udongo.

Yule mtoto hakukosa dawa kabisa mama, alipata sindano mbili nzuri tu. Alichokosa ni mtu wa kulifungua lile jicho Jumamosi jioni, Jumapili asubuhi, Jumapili jioni. Angefunguliwa, kule kukwama kwa jicho kungeonekana likiwa dogo. Sindano ya kwanza na panado zinashusha homa, mzazi anafurahi, na huku nyuma usaha unajikusanya kimya kimya. Kwahiyo unaponiambia leo homa imeshuka na kanywa uji, nafurahi na wakati huohuo naogopa, siwezi kukuficha.

Alipigwa sitiskani, ile mashine ya kupiga picha za ndani ya kichwa, mchana uleule, ikaonyesha usaha umejikusanya kati ya ule mfupa wa karatasi na ngozi yake ya ndani, upana milimita 14. Daktari wa pua, koo na masikio pamoja na wa macho wakaingia naye tiyeta jioni ile. Wakapita kwa ndani ya pua, wakafungua vile vyumba vilivyoziba, wakautoa usaha, ulikuwa kama kijiko cha chai hivi. Kijiko kimoja tu! Baada ya siku mbili jicho likaanza kuja upande wa pua, siku ya 9 akaruhusiwa, na kwenye ule ubao wa herufi alisoma mpaka mstari mmoja kabla ya mwisho. Jicho lake liko usoni pake mpaka leo. Hii mwambie mama mkwe neno kwa neno: operesheni ya ugonjwa huu inatoa usaha, jicho haliguswi, wanapita puani au wanachana kidogo pembeni ya pua. Watoto wanaopoteza jicho au kuona mara nyingi ni wale waliochelewa.

Na wengi hata huko tiyeta hawafiki, hasa watoto wadogo wa umri wa mwanao. Wakiwahi, dawa ya mshipani peke yake inatosha. Ila ni dawa zaidi ya moja. Seftriaksoni inapigiwa hesabu kwa kilo za mtoto, kati ya miligramu 50 mpaka 100 kwa kila kilo kwa siku, na kwa kuwa kuna bakteria ambao hiyo haiwamalizi vizuri, wale wa kwenye ngozi na wale wanaopenda sehemu zisizo na hewa, daktari huongeza nyingine kama kloksasilini na metronidazo. Baadhi ya hizo zinatakiwa kila baada ya saa 6 au 8, mchana na usiku. Sasa niambie, ni zahanati gani itakufungulia saa 8 ya usiku?

Lakini hata kama ungepata muuguzi wa kuja kumchoma kitandani kwako bado ningekwambia alazwe, kwa sababu kazi kubwa ya wodi kwa ugonjwa huu ni kuangalia. Kila saa 4 hivi mtu anakuja na tochi, anafungua kope, anafuatisha, anauliza vidole, anaandika kwenye faili. Siku hizi sisi tunachora na kalamu mpaka wa wekundu kwenye ngozi ili zamu inayofuata ione umepanda au umeshuka. Mtoto atalia, atachukia kuamshwa, na we mama utatamani waache alale. Waache wamwamshe. Mtoto anayelala sana na ugonjwa huu sio lazima awe amepumzika, maana yale maambukizi yakitoka kwenye jicho njia yao inayofuata ni mishipa mikubwa ya nyuma na ubongo. Kwahiyo ukiona anatapika, analalamika kichwa kinamuuma sana, anaongea ovyo au haamki sawasawa, shingo imekaza, kashtuka degedege, au jicho la pili nalo limeanza kuvimba, usisubiri zamu ya tochi, kimbia kwa muuguzi mwamshe hata kama kaegemea meza.

Watakachokuwa wanasubiri ni ile saa 24 mpaka 48 ya kwanza. Katika muda huo tunataka kuona homa inakata, kope linaanza kulegea, jicho linazunguka kuliko jana. Uvimbe wa kope unaweza hata kuongezeka kidogo siku ya kwanza na bado mtoto akawa anapona, ndo maana nasisitiza tunaangalia jicho. Kama muda huo umepita na hakuna mabadiliko, au jicho lilikuwa limetokeza au limekwama tangu mwanzo, au kuona kumepungua hata kidogo, hapo ndo sitiskani haikwepeki, na kama ulipolazwa hakuna mashine watakupa rufaa kwenda penye nayo. Ukiandikiwa rufaa usiombe kurudi nyumbani kujipanga safari hii, mama yangu. Na muulize daktari mapema kama mtoto aache kula kabla ya kipimo, maana wadogo wengine hulazwa usingizi kidogo ili watulie kwenye mashine, akiwa kashiba uji kipimo kinaahirishwa.

Ukitaka kujua lini atatoka, kwa kawaida hawi wa siku moja. Dawa ya mshipani inaendelea mpaka homa ikate kabisa na jicho lizunguke bila maumivu, afu anabadilishiwa ya kunywa, na jumla ya dawa yote inafika wiki 2 mpaka 3. Hapa ndo wengi wanaharibu, mtoto karudi nyumbani uso mzuri, chupa inawekwa juu ya kabati siku ya tano. Maliza.

La mdogo anayenyonya, nenda naye. Wodi za watoto zimezoea kina mama wenye kichanga mgongoni na mgonjwa kitandani, au mama mkwe akae wodini na huyu mkubwa mchana we ukanyonyeshe, ila aliyekaa aonyeshwe zile dalili nilizozitaja. La pesa, mwanao ameshapita ule umri wa chini ya miaka 5 wa kutibiwa bure, kwahiyo kama huna bima wala akiba usikae kimya, waambie mapokezi unaomba kuonana na ustawi wa jamii, ofisi yao ipo kwenye hospitali za serikali na kazi yao ni hiyo, na mtoto wa dharura anaanza kutibiwa wakati hayo yanaongelewa.

Ukifika usiseme tu "jicho limevimba", utakaa foleni na wenye macho mekundu. Sema hivi: mafua wiki mbili, jicho limevimba siku ya tatu leo, limefunga tangu jana, alikuwa na homa kali, jana daktari alitaka kumlaza tukaondoka, kachomwa sindano moja saa fulani. Hiyo saa ya sindano ikumbuke maana ndo watakayoanzia kuhesabu dozi inayofuata. Ile karatasi uliyosaini haikufungii mlango, na kama kuna mtu atakusema kwa kuondoka jana, msikilize tu huku unamsogeza mtoto mbele. Chukua ile chupa ya matone na dawa yoyote aliyokunywa uweke kwenye mfuko, na blanketi zito, wodini usiku kuna baridi kuliko hapo Uyole kwenu. Ukishapewa kitanda washa simu nikupigie.